Mita 100 juu, nimepata sentimita 1, programu inasema 2.74: nani amekosea?

*“Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, droni yangu ni Phantom 4 Pro. Kihisi milimita 13.2, lenzi milimita 24, picha pikseli 5472 kwa upana, nimeruka mita 100. Nikipiga hesabu, pikseli moja ni sentimita 1 ardhini. Lakini ripoti ya programu inasema 2.74. Nani amekosea? Mwezi ujao nina kazi Bukavu, sitaki kumwahidi mteja kitu kisichokuwepo.”*

Programu iko sawa, ndugu. Kilichokuponza ni ile 24. Mimi pia iliniponza mwaka wangu wa kwanza, na mbaya zaidi nilikuwa nimeshamwandikia mteja “sentimita 1” kwenye karatasi ya bei.

Lenzi ya droni yako si ya milimita 24. Urefu wake halisi wa fokasi ni milimita 8.8. Ile 24 huandikwa kwenye maelezo ya kamera ili mpiga picha aliyezoea kamera za filamu ajue lenzi inaona upana kiasi gani, ni kama kusema “ingekuwa kamera ya filamu ya milimita 36 kwa upana, ungehitaji lenzi ya 24 kuona hivi.” Wewe umechukua lenzi ya kamera ile ya kufikirika ukaifunga kwenye kihisi cha kamera halisi. Hesabu yenyewe ni hii, GSD ikiwa ni ukubwa wa pikseli moja ardhini kwa mita:

```
GSD = (Sw × H) / (f × Nw)

Sw = upana wa kihisi (mm)     H  = urefu juu ya ardhi (m)
f  = fokasi halisi (mm)       Nw = upana wa picha (pikseli)

(13.2 × 100) / (8.8 × 5472) = 0.0274 m
```

Hiyo ndiyo 2.74 yako. Ukipenda kubaki na 24, basi weka na 36 mahali pa 13.2, jibu litakuwa lilelile. Kwa droni yako inakubali kwa sababu kihisi chake na filamu vina umbo moja, 3 kwa 2. Kwa kihisi cha 4 kwa 3 itakosea kidogo, kwa hiyo usijizoeshe.

Usiamini tangazo la dukani, iulize picha yenyewe:

```
exiftool -FocalLength -FocalLengthIn35mmFormat -ImageWidth -RelativeAltitude DJI_0042.JPG
```

Ya kwanza ndiyo unayoitaka. Angalia pia `ImageWidth`: ukiona 4864 badala ya 5472, mtu amebadilisha umbo la picha na kamera imekata pembeni. Hapo 13.2 si upana wako tena, maana sehemu ya kihisi haitumiki. Pikseli ardhini inabaki ileile 2.74, ila ukigawa 13.2 kwa 4864 utapata 3.08 na kuanza kutafuta kosa ambalo halipo.

Njia nyingine ya kujihakikishia, mimi huifanya kila kazi: natandika kitambaa cheupe cha mita 1 kwa mita 1 penye udongo mweusi, kisha nakuza picha na kuhesabu pikseli za upande mmoja. Kwa mita 100 hutoka 36 au 37. Kama ungekuwa na sentimita 1 kweli, zingekuwa 100. Hiyo haihitaji programu wala mtandao.

Sasa Bukavu. Huko kwenu ardhi imelala, H ni namba moja kazi nzima. Hapa kwetu H inabadilika kila hatua, na `RelativeAltitude` ni urefu juu ya mahali ulipoondokea, si juu ya paa lililo chini ya droni.

Nilipewa eneo la mteremko upande wa Kadutu. Nilisimama chini, mahali pazuri penye kivuli, nikaweka mita 110. Pikseli sentimita 3, safi. Picha za jirani nikaziweka zipandane asilimia 60 ubavuni. Kamera hii kwa mita 110 inaona mita 165 kwa upana (upana ni urefu mara moja na nusu), kwa hiyo mistari ya kuruka ilikaa mita 66 kutoka mmoja hadi mwingine. Ila juu ya mteremko ardhi ilikuwa imepanda mita 60. Droni ileile, bila kugusa kitu, ilikuwa mita 50 tu juu ya mabati. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mihogo alitoka kuuliza kama ni nyuki.

Pikseli huko juu zilikuwa sentimita 1.37, na mtu angedhani ni bahati, picha kali zaidi. Lakini kwa mita 50 kamera inaona mita 75 tu kwa upana, na mistari bado iko mita 66 mbalimbali. Kinachopandana ni mita 9, yaani asilimia 12. Programu haikuweza kuunganisha mstari na mwenzake. Ramani ilitoka nzuri chini, halafu kadiri unavyopanda inapasuka: paa limekatwa nusu, njia inaishia hewani, na juu kabisa matundu meupe. Ukiona matundu yamejaa upande wa mlimani peke yake, usilaumu upepo wala kompyuta.

Nikajaribu kinyume chake, kuondokea juu kwa mita 110. Matundu yakaisha, lakini chini kabisa droni ilikuwa mita 170 kutoka ardhini na pikseli zikawa sentimita 4.66. Mteja alitaka 3.

Tangu hapo nafanya hesabu mara mbili. Ukubwa wa pikseli nauhesabu kwa ardhi ya chini kabisa, maana huko ndiko unakuwa mbaya. Nafasi ya mistari naihesabu kwa ardhi ya juu kabisa, maana huko ndiko picha zinakuwa finyu. Na mteremko ukiwa mrefu naukata. Ule wa mita 60 niliugawa vipande viwili vya mita 30. Kwa sentimita 3 droni hii inaruhusu mita 109 tu:

```
H = GSD × f × Nw / Sw = 0.03 × 8.8 × 5472 / 13.2 = 109 m
```

Kila kipande nikakiondokea sehemu yake ya chini. Ardhi ikawa mita 109 chini ya droni mwanzoni na mita 79 mwishoni, pikseli kati ya sentimita 3 na 2.2. Kwa mita 79 kamera inaona karibu mita 118, hivyo mistari nikaiweka mita 47 ili asilimia 60 ibaki hata huko juu. Kazi iliongezeka, betri pia, ila ramani haikuwa na tundu hata moja.

Kuna programu za kuruka zinazofuata umbo la ardhi zenyewe. Angalia zinasoma ramani gani ya mwinuko. Nyingi hutumia SRTM, ambayo kipimo kimoja kinafunika kama mita 30 za ardhi. Kwa kilima kirefu cha taratibu inafaa. Kwa ukingo wa korongo la mmomonyoko, ambao kwetu unaweza kushuka ghafla kati ya nyumba mbili, haioni kitu, na haijui mti wala mnara. Mimi bado napanda mwenyewe kwa miguu na simu mkononi nisome mwinuko wa juu na wa chini kabla sijawasha droni.

Kwenye karatasi ya mteja usiandike 2.74. Andika pikseli “isiyozidi sentimita 3,” na usimwache adhani kwamba ndiyo usahihi wa mipaka ya kiwanja chake. Huo unategemea alama ulizopima ardhini, na hilo ni swali jingine.