Sindano za Kichina na kichwa kisichoacha kuuma

*Daktari, kichwa kinanibana pande zote mbili kama nimefungwa kitambaa, siku kama 18 kwa mwezi. Kikiuma nameza panadoli. Jirani anasema akupancha itanimalizia. Ni kweli? Na nitamjuaje aliyesomea? – Mama wawili, Dar es Salaam*

Pole, dada. Tuanze na hizo panadoli. Ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazokiumiza kichwa. Hilo limalize na daktari kwanza, naye apime na presha.

Kuna utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2005 uliochukua watu 270 wenye kichwa cha kubana kama chako. Kundi moja lilichomwa akupancha kamili, mara 12 kwa wiki 8. La pili lilichomwa juujuu tu, mahali pasipo na pointi zozote za Kichina. La tatu likaambiwa lisubiri zamu. Mwishoni, siku za maumivu katika wiki 4 zilipungua kama 7 kwa kundi la kwanza, kama 6 na nusu kwa la pili, na moja na nusu kwa waliosubiri. Kwako, hiyo ingekuwa kushuka kutoka siku 18 hadi 11 hivi. Ni nafuu ya maana, lakini si kumaliza.

Ona lile kundi la pili lilivyolifuata la kwanza karibu sawa. Tafiti nyingi zilipojumlishwa baadaye, sindano halisi zilizishinda zile za juujuu, ila kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo anayejitapa kuijua pointi ya siri asikubabaishe. Mimi ningemchagua mtu kwa usalama wake.

Muombe cheti cha usajili. Kwa Tanzania Bara, wa tiba mbadala husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kisha tazama mikono: ananawa, anachana pakiti ya sindano mbele yako, akimaliza anazitupa kwenye boksi gumu la sindano. Ukimwona anazirudisha kwenye kisahani chenye spiriti, vaa viatu uondoke, maana homa ya ini huenea hivyo. Naye akuulize kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Muulize pia anachomaje juu ya bega. Wenye kichwa hupenda kuchomwa hapo, na ncha ya pafu haiko mbali chini yake. Aliyesoma atakwambia anachoma kwa kina kifupi, tena anaielekeza sindano mbali na pafu. Ukipata kichomi au pumzi ikakubana baada ya kuchomwa, hata saa kadhaa baadaye, nenda hospitali mara moja.

Weka daftari la siku za maumivu tangu leo. Ukifika mara ya 10 na hesabu haijashuka, acha, hela yako ikafanye kazi nyingine.