Mshahara uliozidi kwa makosa: barua ya kuudai iandikweje, na mwalimu akatwe vipi?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni katibu wa kamati ya shule ya Kiislamu hapa Mombasa, na shule ni ya wakfu. Mwalimu wetu mmoja alikaimu nafasi ya mwalimu mkuu, akawa anapewa posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Ukaimu ulipokwisha, mhasibu alisahau kuiondoa posho. Ikaendelea miezi 8, jumla 48,000. Mwalimu anasema hakutambua na pesa keshazitumia. Mshahara wake ni 45,000 na mkononi hubakiwa na 24,500, kwa sababu ana mkopo wa chama cha akiba utakaokwisha baada ya miezi 7. Wajumbe wengine wanataka akatwe zote mara moja, wengine wanasema asamehewe. Niandike barua gani isiyomdhulumu yeye wala shule?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Pesa hizo ni haki ya shule, na kosa la mhasibu haliwezi kuzifanya kuwa za mwalimu. Imepokewa kwa Samura bin Jundub, katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (s.a.w.) amesema mkono una dhima ya ulichokichukua mpaka ukirejeshe. Kutojua kunamwondolea dhambi tu, deni linabaki pale pale. Na maadamu anasema hakutambua, wala hamna ushahidi wa kinyume chake, mchukueni kwa kauli yake. Sura ya Al-Hujurat aya ya 12 imetukataza dhana mbaya, na hata kama alijua akanyamaza, kiwango cha deni hakibadiliki kwa hilo. Basi suala la kujua kwake lisiingie kabisa katika barua.

Lakini deni ni kiasi gani? Hapa ndipo kamati nyingi hudhulumu bila kukusudia. Mnasema 48,000, ilhali posho hiyo ilipitia kwenye orodha ya mishahara pamoja na mshahara wake, ikakatwa kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba. Mwambie mhasibu azitoe hati za mshahara za miezi yote 8, aweke kando ya kila moja hesabu ya mshahara ule ule bila posho, kisha aangalie tofauti ya kilichoingia benki. Tuseme imekuwa 3,800 kwa kila mwezi. Basi mkono wa mwalimu ulipokea 30,400, na hiyo ndiyo dhima yake. Zile 17,600 hazikupita mkononi mwake, na ni kazi ya mhasibu kuzifuata kule zilikopelekwa kwa kurekebisha hesabu za kodi na michango. Mkimkata 48,000 katika pesa zake za mkononi mtakuwa mmemlipisha asichokipokea, na hiyo ni kula mali ya mtu kwa batili, iliyokatazwa katika An-Nisaa aya ya 29.

Wanaotaka asamehewe nia yao ni njema, lakini hawana mamlaka hayo. Lau shule ingekuwa ya mtu binafsi, mwenyewe angeweza kusamehe na akapata ujira mkubwa, kwani Al-Baqara aya ya 280 inasema kuliacha deni liwe sadaka ni bora. Lakini mtu hutoa sadaka katika mali yake, na nyinyi ni wasimamizi wa mali ya wakfu. Msimamizi hana ruhusa ya kuigawa. Mjumbe anayemhurumia mwalimu, na huruma hiyo ni ya kushukuriwa, atoe mfukoni mwake amlipie sehemu ya deni.

Mlicho nacho nyinyi ni muda. Aya hiyo hiyo imeamrisha mdeni mwenye dhiki apewe nafasi mpaka apate wepesi, na kumpa nafasi hakuupunguzii wakfu hata senti. Mwalimu huyu si fukara, anao mshahara, lakini hawezi kulipa zote sasa bila watoto wake kuumia.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi kilicholipwa zaidi kwa makosa, na ikaweka mpaka kwamba makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwake theluthi mbili ni 30,000. Tayari anakatwa 20,500, kwa hiyo sheria inawaachia 9,500. Mkizichukua zote, atakwenda nyumbani na 15,000. Mpaka huo uliwekwa ili usivukwe, haukuwekwa ili kila mwajiri aufikie, na mimi siwashauri muukaribie. Mkateni 1,600 kwa miezi 7 ya mwanzo, jumla 11,200, na mkononi atabakiwa na 22,900. Mkopo wake ukiisha atakuwa amefunguka, hapo mpandishe iwe 3,200 kwa miezi 6, ambazo ni 19,200. Jumla ni 30,400 kamili. Wala msiongeze chochote kwa ajili ya kungoja. Deni likizidishwa kwa sababu ya muda ni riba, hata kama nyongeza itaitwa gharama za ofisi.

Barua mpe mkononi, faragha, baada ya kuketi naye. Isibandikwe, wala isisomwe kikaoni mbele ya walimu wenziwe. Unaweza kuiandika hivi, na tarehe ukazijaza wewe:

> Mwalimu wetu mpendwa, Assalaam alaykum.
>
> Katika kukagua hesabu tumeona kwamba posho ya ukaimu iliendelea kulipwa kwa miezi 8 baada ya ukaimu wako kwisha tarehe … Kosa hili ni la ofisi, na tunakuomba radhi kwa usumbufu unaokupata.
>
> Baada ya kodi na michango, kiasi kilichozidi katika akaunti yako ni shilingi 30,400. Tumeambatisha hesabu ya kila mwezi. Tafadhali ilinganishe na hati zako, na ukiona tofauti yoyote tujulishe kabla ya tarehe … Hakuna kitakachokatwa mpaka tukubaliane juu ya hesabu.
>
> Kwa kuwa fedha hizi ni za wakfu, kamati haina idhini ya kuziacha. Tunapendekeza ukatwe 1,600 kwa miezi 7 kuanzia mwezi wa …, kisha 3,200 kwa miezi 6. Hakuna nyongeza wala faini. Ukipatwa na ugonjwa, msiba au dharura nyingine, tuandikie, nasi tutausogeza mwezi huo mbele.
>
> Ukiridhika, tia sahihi nakala hii uturejeshee. Ukiwa na pendekezo jingine, tuko tayari kulisikiliza.

Ile sentensi ya radhi, wapo wajumbe watakaotaka uitoe wakihofia kwamba inadhoofisha dai. Haidhoofishi. Ukweli wa deni unasimama kwa hesabu iliyoambatishwa, na kosa ni lenu kweli. Na sahihi yake ni ya lazima kwenu, kwani Al-Baqara aya ya 282 imeagiza deni la muda liandikwe. Bila maandishi, kamati ijayo inaweza kumdai upya kile alichokwisha kulipa.

Akipinga hesabu, simamisheni makato na muikague pamoja. Lakini akikubali hesabu kisha akakataa mpango wowote ilhali anaweza kulipa, hapo inamhusu hadithi ya Bukhari na Muslim kwamba kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma, nanyi mnaweza kukata ndani ya mpaka wa sheria baada ya kumjulisha kwa maandishi. Akiacha kazi kabla ya kumaliza, salio linabaki deni. Kubalianeni kwa maandishi jinsi atakavyolilipa, wala msiuzuie mshahara wake wa mwisho wote kwa ajili yake.

Wallahu aalam.