Kikapu cha kupikia: chakula kikae humo saa ngapi?

Napika wali na maharage saa sita mchana, naweka kwenye kikapu. Mume wangu hutoka zamu saa nne usiku, anakuta chakula bado vuguvugu. Kuna ubaya?

Upo, dada yangu, na uko kwenye hilo neno vuguvugu. Kikapu hakitoi joto, kinalichelewesha tu lisitoroke. Chakula kikiwa juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi, vijidudu haviongezeki. Kikishuka hapo, vinaamka vile ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Kwenye wali kuna kimoja kinachoacha sumu isiyoondoka hata ukipasha upya. Kwenye maharage na mchuzi wa nyama kuna kingine ambacho, joto likiwa nyuzi arobaini na kitu, huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kumi hivi. Na harufu haibadiliki, kwa hiyo pua haitakusaidia.

Maharage yatoe saa kumi jioni yakiwa bado ya moto sana, yachemshe mpaka yatokote katikati pia, si pembeni tu, kisha yarudishe, na saa mbili usiku uyachemshe tena vivyo hivyo. Wali wake upike saa mbili usiku. Najua ni kazi ya pili, lakini wali uliokaa kikapuni kwa muda wa saa kumi siwezi kuutetea.

Basi niambie saa kamili. Wengine wanasema nne, wengine nane.

Wote wanaweza kuwa sahihi, kila mtu kwa kikapu chake. Changu nilikipima kwa maji. Nilijaza sufuria ya lita tano mpaka vidole viwili chini ya mdomo, nikachemsha, nikafunika na kuingiza mara moja. Siku ya kwanza nilifungua baada ya saa nne: nyuzi 75. Siku ya pili nikaacha saa sita: 67. Siku ya tatu saa nane, nikakuta 60 kasoro kidogo. Nilitumia siku tatu kwa sababu ukifungua katikati unapoteza joto na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo mimi naishia saa sita, na hapo nimeacha akiba.

Ukikosa kipimajoto, shika saa nne kwa sufuria iliyojaa, ukihesabu tangu ilipotoka motoni. Ukifungua, mvuke uinuke na kijiko cha kwanza kikulazimishe kupuliza. Chakula unachoweza kukila papo hapo bila kupuliza kimeshapoa mno kuendelea kukaa humo: kileni sasa hivi kama muda haujapita. Kama hujui kimekuwa hivyo tangu lini, mwaga.

Tukishakula, nusu iliyobaki naifunika na kuirudisha kikapuni. Sawa?

Hapana. Sufuria iliyojaa ina akiba kubwa ya joto. Nusu sufuria ina akiba ndogo, na juu yake kuna hewa tupu. Nilipojaribu na lita moja tu kwenye sufuria ileile, saa tatu zilitosha kuifikisha nyuzi 55. Hapo mlishapakua, mwiko umeingia na kutoka, kifuniko kimekaa wazi. Kilichobaki hamishia kwenye sufuria ndogo, chemsha upya, kisha uingize na kuziba nafasi kwa matambara. Au kitandaze kwenye chombo kipana kipoe haraka, kiingie friji ndani ya saa mbili.

Maharage mekundu niliyachemsha dakika mbili tu nikayaachia kikapu kazi. Yaliiva nusu, na watoto wakatapika.

Poleni. Siwezi kujua kwa hakika ni nini, ila maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, na joto la chini ya kuchemka halitoshi kuiua. Kikapu hakichemshi. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, kisha yatokote motoni dakika thelathini kamili kabla ya kuingiza. Baada ya saa tatu kikapuni bonyeza punje: ikipondeka kirahisi, yameiva. Ikiwa ngumu, yarudishe motoni yatokote tena, usiyaongezee muda wa kikapuni. Maji punguza kidogo kuliko ulivyozoea, maana hayakauki.

Kikapu changu kilikuwa kizuri, sasa kinapoa mapema. Nimejaza nyasi kavu.

Zipapase chini ya kitambaa. Mvuke umeziingia, zimelowa na kulala. Nyasi zenye unyevu hupitisha joto, tena huota ukungu. Zitoe, anika juani au badilisha, shindilia tena unene wa kiganja pande zote na chini, na mto wa juu uwe mnene vilevile. Watu wengi hujaza pembeni vizuri halafu juu wanatupia kanga moja.