Strango yenye kava: umefunikwa upande mmoja tu

Nina hisa 100 za kampuni ya Marekani. Rafiki ananiambia niuze koli na puti kwa pamoja, ati nitalipwa mara mbili na niko salama kwa sababu kuna kava. Ni kweli? (Kisumu)

Mpango huo ndio strango yenye kava: hisa unazo, na juu yake unauza koli na puti. Kulipwa mara mbili ni kweli. Hiyo kava ndiyo tuiangalie vizuri.

Tuseme una magunia 10 ya mahindi ghalani na bei sokoni ni 3,500. Unamwahidi mfanyabiashara mmoja kwamba mwezi huu wote, akitaka, utamuuzia magunia hayo kwa 4,000. Anakuachia kitu kidogo kwa ahadi hiyo. Hiyo ndiyo koli, na kava ipo kweli, kwa kuwa mahindi ni yako na yako ghalani. Halafu unamwahidi jirani kwamba mahindi yakishuka, utanunua magunia yake 10 kwa 3,000. Naye anakulipa kidogo. Hiyo ndiyo puti. Siku gunia likifika 2,000, jirani atakuja na mkokoteni. Magunia yako ya ghalani yatakusaidia nini hapo? Hayakusaidii lolote, nayo yameshuka pamoja na ya jirani.

Kwa hivyo hisa zako zinaifunika koli. Puti inafunikwa na pesa taslimu tu, na kazi ya pesa hiyo ni nyingine, kama utakavyoona katika jibu linalofuata.

Mimi sikopi. Pesa yote ya puti iko kwenye akaunti, haiguswi. Hatari iko wapi basi? (Nakuru)

Pesa hiyo inamhakikishia dalali kwamba utalipa. Wewe haikukingi na kushuka kwa bei.

Tuhesabu. Ulinunua hisa 100 kwa dola 50. Umeuza koli ya 55 ukapata dola 1.20 kwa hisa, na puti ya 45 ukapata dola 1. Jumla ni dola 2.20 kwa hisa, yaani 220 mkononi. Dalali amezuia dola 4,500 za puti. Bei ikimaliza kati ya 45 na 55, ahadi zote mbili zinakufa na 220 ni zako, juu ya faida au hasara ya hisa zenyewe. Unaanza kupata hasara bei ikiwa chini ya 47.80.

Kuanzia 50 hadi 45, kila dola inayoshuka inakula dola 100. Ukivuka 45 kwenda chini, kila dola inakula 200. Bei ikiwa 45, umepoteza 280. Ikiwa 40, umepoteza 1,280. Ikiwa 35, ni 2,280. Aliyeshika hisa tupu bila kuuza chochote angekuwa amepoteza 1,500 hapo kwenye 35. Kwa hivyo zile 220 ulizofurahia zimekugharimu 780 zaidi ya huyo ambaye hakuuza kitu.

Wauza kozi hawapendi kulisema jambo hili: hisa ukichanganya na koli uliyoiuza, faida na hasara yake inatembea sawa na puti iliyouzwa kwa bei ya koli hiyo. Juu kuna dari, chini hakuna sakafu mpaka sifuri. Ukiongeza puti ya 45, umeuza puti mbili, moja ya 55 na nyingine ya 45. Nikimwambia mtu ameuza puti mbili juu ya kampuni moja, anashtuka. Nikimwambia ana strango yenye kava, anatabasamu.

Ukitaka kuiona kwenye skrini, tazama delta ya akaunti yote, yaani akaunti inatembea kama ya mtu mwenye hisa ngapi. Siku ya kwanza hisa zinatoa 100, koli inapunguza labda 30, puti inaongeza labda 25: unabaki na 95, kama mtu mwenye hisa 95. Bei ikishuka, koli inaacha kupunguza na puti inazidi kuongeza. Delta inapanda 130, 160, kuelekea 200. Yaani unazidi kuwa na hisa nyingi kadiri zinavyozidi kuporomoka, na hujabonyeza kitu.

Yaliwahi kunipata. Nilikuwa nimeuza puti wiki ya ripoti ya robo mwaka kwa sababu premiamu, yaani malipo ya ile ahadi, ilikuwa nono. Ilikuwa nono kwa sababu hiyohiyo ya ripoti. Kampuni ilitoa hesabu zake soko limefungwa, nami nikalala. Kesho yake, kwa saa zetu za jioni, soko lilifungua bei ikiwa imeshapita puti yangu. Hakukuwa na nafasi ya kutoka katikati. Tangu hapo sichukui puti inayovuka tarehe ya ripoti kama tayari nina hisa za kampuni hiyo.

Si hatari kubwa ni bei ipande niporwe hisa zangu? (Kakamega)

Hapana. Ikipita 55 unauza kwa 55, na jumla ya faida ni dola 720. Inauma ukiiona ikifika 70, lakini hujatoa shilingi mfukoni.

Mwenye puti anaweza kunitupia hisa kabla ya tarehe ya mwisho? (Kisumu)

Anaweza. Koli na puti ndizo opsheni, na opsheni za hisa za Marekani ni za mtindo wa Kimarekani, zinatekelezwa siku yoyote. Kwa puti hutokea zaidi bei ya hisa ikiwa imezama mbali chini ya bei ya ahadi. Kwa koli, chunga siku moja kabla hisa haijaacha kubeba gawio: mwenye koli ambayo bei ya hisa imeshapita bei yake ya ahadi anaweza kuzichukua ili gawio liwe lake. Hapa kwetu NSE ilifungua soko la NEXT mwaka 2019 kwa fyucha, si kwa opsheni, ndiyo maana mifano yangu yote ni ya Marekani, ambako mkataba mmoja wa kawaida ni hisa 100.

Nimeshatupiwa. Sasa nina hisa 200, bei ni 40. Nikiuza koli za 42 nitarudisha hasara kwa premiamu? (Bungoma)

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Kama namba zako ni kama zile za hapo juu, ulinunua 100 kwa 50 na 100 kwa 45, ukatoa dola 220 za premiamu. Wastani wako ni 46.40 kwa hisa. Ukiuza koli mbili za 42 kwa dola 1 kila hisa, umeahidi kuuza chini ya wastani wako. Bei ikirudi 48 wiki mbili baadaye, hisa zote 200 zinaondoka kwa 42 na unafunga na hasara ya dola 680, siku ambayo asiyeuza koli ana faida. Umeshuka na mzigo mara mbili, ukapanda ukiwa umefungwa.

Uza koli juu ya wastani wako, hata kama premiamu ni senti tu. Au ikiwa huiamini tena kampuni, uza hisa zenyewe leo kwa 40 na ukubali. Koli ya 42 kwa mtu ambaye hajaamua ndiyo mbaya kuliko zote.

Nianze na hisa ngapi? (Nakuru)

Anzia mwisho. Jiulize ni hisa ngapi za kampuni hii ungevumilia kushika bei ikiwa 35. Ukijibu 200, nunua 100 na uuze puti moja. Ukijibu 100, na 100 unazo tayari, uza koli peke yake na puti iache. Wanaoumia ni wale waliojaza hisa kwanza, kisha wakaongeza puti kwa kuwa pesa ilikuwa imekaa tu. Na kama hizo dola 4,500 ni karo ya Januari, hiyo si pesa iliyokaa.