Tangazo la faragha la kliniki ndogo: "muda unaohitajika" ni miaka mingapi?

"Wakuu, tuna kliniki ndogo: daktari mmoja, wauguzi wawili, maabara na mapokezi. Tumetakiwa kuweka tangazo la faragha kwa wagonjwa. Nimepata moja la kunakili, linasema 'tutatunza taarifa zako kwa muda unaohitajika'. Nibandike hivyo hivyo, au pale kwenye muda kuna kitu cha kuandika?"

Mkuu, usibandike bado. Mgonjwa akisoma sentensi hiyo hawezi kujua kama faili lake litakuwepo mwakani au litakuwepo hadi wajukuu wake wakue. Mpe tangazo mtu asiye mfanyakazi wenu, mwambie amekuja mara ya mwisho leo, kisha aseme faili lake litaharibiwa mwaka gani. Akishindwa kutaja mwaka, tangazo halijajibu kitu.

Ila muda hauandikwi kabla hujajua mnatunza nini na kiko wapi. Chukua karatasi, mfuate mgonjwa mmoja wa kufikirika kuanzia mlangoni hadi anapoondoka, na kila jina lake linapobaki mahali, andika mstari. Daftari la foleni pale mapokezi. Faili lenyewe, la karatasi au la kwenye kompyuta. Kikaratasi cha presha na uzito. Daftari la maabara, pamoja na kumbukumbu ya ndani ya mashine ya kupimia damu, ambayo wengi husahau kwamba huhifadhi majibu na namba za wagonjwa. Fomu ya bima, ambayo hubeba jina la ugonjwa. Nakala ya barua ya rufaa. Meseji za kukumbusha miadi. Simu ya muuguzi iliyopigia picha kidonda. Kamera ya ulinzi. Kwenye kila mstari jaza mambo manne: ni taarifa gani, ya kazi gani, nani mwingine anaipata, na inaondoka lini. Karatasi hiyo ndiyo tangazo lenu, kilichobaki ni kulisafisha lugha.

Safu ya "ya kazi gani" itakuonyesha vitu vya kuacha kuuliza. Tarehe ya kuzaliwa ina kazi: dozi ya mtoto huhitaji umri, na ndiyo inayotenganisha wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana. Mtu wa kumjulisha ana kazi, mgonjwa akizidiwa. Lakini dini na kabila mara nyingi vimo kwenye fomu kwa sababu tu vilikuwa kwenye fomu ya zamani iliyonakiliwa. Namba ya kitambulisho ina maana kwa anayelipiwa na bima. Kwa anayelipa mwenyewe jiulize inafanya nini, na jibu likikosekana, futa kisanduku hicho kwenye fomu. Kufuta swali ni rahisi kuliko kutafuta sababu ya kulitetea kwenye tangazo.

Na ile sentensi ya "kwa kuingia kliniki hii umeridhia", iondoe. Ridhaa ni kitu ambacho mtu anaweza kukibatilisha. Ukimwambia mgonjwa kwamba mnatunza faili lake kwa ridhaa yake, kesho akija kusema ameiondoa, utamkatalia, kwa sababu sheria za kumbukumbu za matibabu zinakutaka ulitunze. Hapo tangazo limemdanganya. Kwa taarifa za matibabu andika sababu ya kweli: kumtibu kwa usalama, na kutimiza wajibu wa kisheria wa kutunza kumbukumbu. Ridhaa ibaki kwa mambo ambayo anaweza kukataa na bado akatibiwa, kama picha ya kidonda kutumika kufundishia, au meseji za kumtangazia huduma mpya. Hizo zipewe fomu yake ndogo, zisichanganywe na tangazo.

Sasa muda. Kiwango cha chini hukiamui wewe: kimewekwa na sheria au na mamlaka inayosimamia vituo vya afya hapo mlipo, na lazima ukipate kwa maandishi. Kazi yako ni kukigeuza kuwa sentensi yenye namba, tena yenye mahali saa inapoanzia kuhesabu. Hapo ndipo matangazo mengi huharibika. "Miaka 10" peke yake haitoshi. Miaka 10 tangu lini? Ukihesabu tangu faili lilipofunguliwa, mgonjwa wa kisukari anayekuja kila mwezi kwa mwaka wa 12 atakuwa amepoteza kurasa za mwanzo, zile zenye vipimo vya kulinganishia. Hesabu ianze kwenye hudhurio la mwisho.

Tuchukue mfano. Tuseme kanuni yenu ni miaka 10 tangu hudhurio la mwisho, na kwa mtoto ni hiyo miaka 10 au hadi atimize miaka 25, ipi itakayochelewa. (Namba hizi ni za mfano tu, weka zenu.) Mtu mzima amekuja mara ya mwisho tarehe 14 Juni 2025. Badala ya kusaka faili lake katikati ya Juni 2035, hesabu kuanzia mwisho wa mwaka aliokuja: muda unaisha tarehe 31 Desemba 2035, na mnaharibu mafaili yote ya kundi hilo Januari hadi Machi 2036. Kazi inafanyika mara moja kwa mwaka, na mfanyakazi mmoja anaimudu.

Mtoto aliyezaliwa Mei 2018 naye amekuja mara ya mwisho Machi 2025. Ukitumia kanuni ya watu wazima, faili lake lingeharibiwa mwanzoni mwa 2036, akiwa na miaka 17, miezi michache kabla hajafika umri wa kuja kuliomba mwenyewe. Kwa kanuni ya mtoto linakaa hadi Mei 2043. Kwa hiyo alama ya "mtoto" na mwaka wa kuzaliwa viandikwe juu ya jalada tangu siku ya kwanza. Anayechambua mafaili miaka kumi baadaye hatafungua kila moja kusoma umri.

Si kila kitu kinafuata saa ya faili. Daftari la maabara lina wagonjwa wengi kwenye ukurasa mmoja, huwezi kumtoa mmoja ukawaacha wengine, basi saa yake huanzia tarehe ya mstari wa mwisho wa daftari zima. Andika tarehe hiyo kwenye jalada siku mnapolifunga. Daftari la foleni halina sababu ya kukaa miaka. Likishalinganishwa na hesabu za siku au za mwezi, kazi yake imekwisha. Na tukiwa hapo, safu ya "tatizo" kwenye daftari la foleni itoeni kabisa, maana kila anayeandikwa husoma shida za waliomtangulia.

Kamera hudanganya watu. Tangazo linasema picha zinakaa siku 30, lakini kinasa huandika juu ya picha za zamani pale diski inapojaa, na hakijui mmeandika nini ukutani. Fungua kinasa, tafuta picha ya zamani kuliko zote, hesabu siku. Huenda ni 11, huenda ni 70. Ama rekebisha mpangilio wa kinasa, ama andika namba ya kweli.

Simu ni ngumu zaidi. WhatsApp ina mpangilio wa kufuta meseji baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, nao unasaidia, lakini picha iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye matunzio ya simu hubaki pale, na simu inaweza kuwa inaipeleka kwenye akaunti binafsi ya mfanyakazi mtandaoni. Kliniki iwe na simu yake moja, uhifadhi wa picha wa kujiendesha uzimwe, na picha ya kidonda ihamishiwe kwenye faili siku hiyo hiyo kisha ifutwe kwenye simu. Msipoweza kufanya hivyo, msiahidi kwenye tangazo. Meseji ya miadi nayo itaje siku na saa tu, bila jina la kitengo wala kipimo. Simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja.

Halafu kuna nakala za akiba za kompyuta. Tuseme mnatengeneza nakala kila mwezi na kutunza za miezi 12. Faili mlilofuta Machi 2036 bado limo kwenye nakala ya Februari, na litaendelea kuwemo hadi nakala hiyo ifutwe mwaka unaofuata. Si kosa, ila mgonjwa aambiwe. Kosa ni pale kompyuta inapoharibika, mnarudisha nakala, na mafaili yaliyofutwa yanafufuka bila mtu kujua. Tunza orodha ya namba za mafaili yaliyoharibiwa na tarehe, bila majina wala magonjwa, na kila mnaporudisha nakala, pitisheni orodha hiyo upya.

Ukishafika hapo, sehemu ya muda inaweza kusomeka hivi:

"Faili lako tunalitunza miaka 10, tukihesabu kuanzia mwisho wa mwaka uliokuja mara ya mwisho. Faili la mtoto tunalitunza kwa muda huo au hadi atimize miaka 25, ipi itakayochelewa. Muda ukiisha tunaliharibu ndani ya miezi mitatu. Kwenye nakala za akiba za kompyuta linaweza kubaki hadi miezi 12 zaidi. Picha za kamera ya mlangoni hufutika baada ya siku 30. Unaweza kuomba kusoma faili lako, kupewa nakala, au kusahihishiwa kilichokosewa. Ukiomba lifutwe kabla ya muda, huenda tukashindwa kwa sababu sheria inatutaka tulitunze, nasi tutakuandikia sababu hiyo."

Juu yake weka jina la kliniki, mtu wa kuulizwa na simu yake, mnachokusanya na kwa nini, na mnaowapa: bima, hospitali ya rufaa, maabara ya nje, mwenye programu ya kompyuta, kampuni ya meseji. Waandike kwa kazi zao, usiishie "washirika wetu". Chini weka mamlaka ambayo mgonjwa anaweza kuipelekea malalamiko. Ukurasa mmoja unatosha, ubandikwe kabla ya dirisha la mapokezi na si nyuma ya mlango wa daktari, kwa kuwa anapaswa kuusoma kabla hajataja jina. Asiyesoma asomewe. Sahihi haihitajiki, mkitaka ushahidi, tiki ya "amepewa tangazo" pamoja na tarehe kwenye faili inatosha, na isiitwe ridhaa.

Jambo moja sijaliona kwenye matangazo mengi ya kunakili: kliniki ikifungwa, au daktari akiondoka, mafaili yanakwenda wapi? Miaka 25 ni mirefu kuliko maisha ya kliniki nyingi ndogo. Kubalianeni sasa, kwa maandishi, na kituo kitakachoyapokea, kisha ongeza mstari huu: "Tukifunga, tutabandika hapa na kukutumia meseji kabla faili lako halijahamishiwa kituo kingine, ili uchukue nakala ukitaka." Namba ya simu mliyoichukua mapokezi imepata kazi nyingine hapo, kwa hiyo irudishe kwenye ile karatasi ya mwanzo uongeze sababu hiyo.