Bei na oda ukiwa laivu

"Nauza vitenge Majengo hapa Dodoma. Nikiwa laivu bei niitaje saa ngapi, na oda nipokeeje wateja wasigombanie kitambaa kimoja?"

Kila unaponyanyua kitambaa, na tena kabla hujakiweka chini, maana wengi huingia katikati. Taja bei pamoja na kipimo: "Namba saba, wax, yadi sita, elfu ishirini na tano, sikati." Usiposema yadi, mtu wa Singida atadhani ni gora zima la yadi kumi na mbili, halafu ugomvi.

Kuna dada hapo juu kashauri ubandike kila kitambaa namba na umpe wa kwanza kukomenti. Kuhusu namba kasema kweli, ila "wa kwanza kukomenti" peke yake haitoshi. Wengine huandika 7 wakapotea. Sema hivi: "Andika 7, nitataja jina lako, una dakika kumi kulipa kwa lipa namba." Zikipita, msome wa pili. Angalia ujumbe wa malipo kwenye simu yako mwenyewe, skrinishoti hutengenezwa. Nauli ya kutuma mzigo kwa basi itaje hapohapo, nani analipa.

Rangi ipeleke mlangoni kwenye mwanga wa jua. Chini ya taa ya njano, bluu ya bahari huonekana kijani.