Dawa ipi? Maandishi ya Kiswahili kwenye video ya mafunzo ya usafi wa hoteli

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: video ya dakika 6, msimulizi anazungumza Kiingereza, skripti nimepewa, na wa kuitazama ni wahudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Paje. Niliifanya kwa siku mbili nyumbani hapa Mjini, nikaipima kila upande, nikaona iko sawa. Siku ya kuionesha, ilipofika dakika ya pili na sekunde kumi na kitu, mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele aliinua mkono. "Mwanangu, hapo panasema nipulizie dawa. Dawa ipi? Mbona zote mbili za choo?"

Kwenye picha palikuwa na chupa mbili. Moja ina klorini, ya kuua vijidudu. Nyengine ni asidi ya kutolea ukoko, na huku Unguja huwezi kuikwepa, maana maji ya visima yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe na chokaa yake inaganda kwenye masinki na vyoo. Mimi nimeandika "dawa" tu. Klorini ikikutana na asidi inatoka gesi inayochoma macho na mapafu, na choo cha hoteli aghalabu kina dirisha la kiganja. Swali la yule mama lilinifunza zaidi kuliko programu yangu, kwa hiyo nawaelezea nyinyi mnaoanza kipande hicho kimoja cha maandishi tangu mwanzo, na namna nilivyofika kwenye kosa nikiwa nafuata kanuni zote.

Msimulizi anatumia sekunde 6.2 kusema maneno ambayo, ukiyafasiri yote, yanakuwa hivi: "Nyunyizia dawa ya kuua vijidudu juu ya sehemu husika na uiache kwa muda wa dakika kumi kabla ya kuifuta kwa kitambaa kisafi chenye unyevu." Hesabu herufi pamoja na nafasi: ni 138. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni mistari miwili tu kwa wakati, na kila mstari usizidi herufi 42, yaani 84 kwa jumla. Kwa hiyo hata kabla ya kuangalia saa, sentensi hii haiingii. Ukiigawa 138 kwa 6.2 unapata herufi 22 kwa sekunde, wakati kikomo cha kawaida kwa watu wazima ni kama 17. Mimi kwa video za mafunzo nateremka mpaka 12 au 13, kwa sababu mtazamaji hapa hasomi tu, anaangalia pia mkono unafanya nini. Programu ya Subtitle Edit inakuonesha hesabu hii chini ya kila kipande, huna haja ya kuhesabu kwa vidole.

Kiswahili chetu kina tabia mbili hapa. Kitenzi kimoja kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa, kwa hiyo maneno ni machache lakini marefu. Halafu tukiandika rasmi tunapenda kujaza: "kwa muda wa", "sehemu husika", "juu ya". Hayo ndiyo ya kutoa kwanza. "Juu ya sehemu husika" picha inaonesha yenyewe. "Kwa muda wa" haina kazi. "Nyunyizia" niliibadilisha ikawa "pulizia", maana ndivyo wanavyosema wenyewe wakishika chupa. "Chenye unyevu" ikawa "kibichi", kwani kwetu nguo isiyokauka ni mbichi, na hakuna atakayefikiri ni ndizi. "Ya kuua vijidudu" niliitoa pia, nikijiambia imeshatajwa kipande cha nyuma. Nikabaki na hii:

```
Pulizia dawa, iache dakika 10,
kisha futa kwa kitambaa kibichi kisafi.
```

Herufi 69, kasi 11 kwa sekunde. Kwa vipimo, haina kasoro. Kumbe nimetoa neno pekee linalotenganisha chupa na chupa. Tangu siku hiyo, kabla sijapunguza neno naisimamisha picha na kuangalia kuna vitu vingapi kwenye fremu vinavyoweza kuitwa kwa jina ninalobakisha. Kikiwa kimoja, jina fupi linatosha. Vikiwa viwili, neno linalovitenganisha halitoki, hata kama litanilazimu nikate kwengine.

Basi iitwe nini? Wahudumu wenyewe wanasema "jiki", hata chupa ikiwa ya kampuni nyengine kabisa. Msimamizi wao hakulitaka neno hilo kwa sababu wafanyakazi watatafuta chupa yenye jina hilo stoo na hawataiona. Jina refu la kamusi nalo linakula mstari mzima. Nikaenda stoo na yule msimamizi, tukasoma lebo. Juu yake pameandikwa CHLORINE, na ile nyengine ACID. Hapo ndipo nilipokata shauri: "klorini" na "asidi ya choo". Mtu asiyejua Kiingereza, akisoma "klorini" kwenye skrini kisha akaona CHLORINE kwenye chupa, anaweza kuvioanisha. Kipande cha kwanza ambamo klorini inatajwa niliandika "klorini (jiki)" ili wapate pa kushika, na baada ya hapo ikawa klorini moja kwa moja mpaka mwisho. Ukishachagua neno usilibadilishe ili kupamba lugha. Kwenye insha mwalimu atakusifu, lakini kwenye mafunzo mtu atadhani umetaja chupa ya tatu.

Tatizo la pili nililiona nilipoitazama tena video bila sauti. Msimulizi anasema dakika kumi, lakini mhariri wa picha amekata: mkono unapulizia, picha inabadilika, na mara hiyo hiyo mkono unafuta. Macho yanaona sekunde tatu, maandishi yanasema dakika 10, na kipande changu kimoja kimekaa juu ya picha zote mbili. Mtu ataamini mkono. Zaidi ya hapo, maandishi yakivuka mkato wa picha macho yanarudi kuyasoma upya kama kwamba ni mapya, na muda unapotea. Kwa hiyo nikakigawa kipande pale pale picha inapokatika, nikaweka "zikitimia" badala ya "kisha", ili dakika zenyewe ziingie tena kwenye picha ya kufuta:

```
14
00:02:11,400 --> 00:02:14,600
Pulizia klorini, iache dakika 10.

15
00:02:14,680 --> 00:02:17,600
Zikitimia, futa kwa kitambaa kibichi.

16
00:02:17,680 --> 00:02:22,480
Marufuku kuichanganya na asidi ya choo.
Itatoka gesi ya sumu.
```

Angalieni pengo baina ya kipande na kipande: milisekunde 80, yaani fremu mbili kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Bila ya pengo hilo jicho halitambui kwamba maandishi yamebadilika, hasa mistari ikiwa na urefu unaokaribiana. Neno "kisafi" limeanguka. Nililiacha lianguke kwa sababu vipande viwili nyuma tumeshaona kitambaa kikitolewa kwenye rundo la vilivyofuliwa. Lakini namba ya dakika ingeanguka, kazi nzima ingekuwa bure.

Kipande cha 16 kilinipa taabu kuliko vyote. Mwanzo niliandika "Usiichanganye na asidi ya choo". Ni Kiswahili safi, ila katazo lote limekaa kwenye "si" moja katikati ya neno la herufi 13, na msomaji wa mbio anaweza kuiruka akabakiwa na amri ya kuchanganya. "Marufuku" linakaa mbele, peke yake, na kila mtu amelizoea kwenye kuta. Mstari wa pili nao niliandika "Hutoa gesi ya sumu", nikiwa na maana kwamba ndiyo kawaida yake. Nilipomsomea kijana wangu akauliza, "Nani hatoi?" Kweli, hu- hiyo hiyo ndiyo ya "wewe hutoi", na kwa kitenzi hiki tofauti ni irabu moja ya mwisho. Kwenye kitabu sentensi za jirani zingekuokoa, kwenye skrini kipande kinasimama peke yake. "Itatoka" haina utata huo.

Kukata mstari kuna jambo moja tu la kuzingatia: usitenganishe kitu na sifa yake. "Asidi ya" juu na "choo" chini ni vibaya, hata kama mistari itapendeza kwa urefu sawa. Ni afadhali mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Saa nazo ziangalieni. Katika video hii msimulizi anasema chumba kikaguliwe saa mbili mchana kwa hesabu yao, yaani saa nane yetu. Kuandika "saa 8 mchana" ni sahihi, lakini karatasi ya ukaguzi inayoonekana kwenye picha imeandikwa 14:00. Niliandika "saa 8 mchana (14:00)", nikatoa maneno mengine kupata nafasi.

Mkishamaliza, ombeni video ya mwisho kabisa, ile itakayooneshwa. Mimi nilitumiwa nakala ya kazi, halafu wenyewe wakaikata nembo ya mwanzo na maandishi yote yakachelewa. Njia ya kutambua ni kupima mahali pawili, mwanzo na mwisho. Ucheleweshaji ukiwa sawa kote, kuna kitu kimekatwa au kuongezwa mwanzoni, unasogeza vipande vyote kwa pamoja. Ukiwa unazidi kadiri video inavyoendelea, kasi ya video ndiyo iliyobadilishwa. Video ya fremu 24 iliyoharakishwa hadi 25 inakimbia kwa takriban asilimia 4, na mwisho wa dakika 6 mmeshaachana kwa karibu sekunde 14. Hapo kusogeza hakusaidii, lazima ubadilishe kasi ya faili lote.

Faili lihifadhiwe kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Kiswahili hakina herufi za ajabu, kwa hiyo wengi hawajali, mpaka wafike kwenye ng'. Skripti yangu ilipitia kwenye programu ya kuandikia barua iliyoigeuza alama hiyo ikawa ya kupinda, na runinga ya chumba cha mafunzo haikusoma UTF-8. Ikaonekana hivi:

```
Ngâ€™arisha kioo kwa kitambaa kikavu.
```

Nilitafuta na kubadilisha alama zote ziwe zile zilizonyooka, za kitufe cha kawaida. Na sasa ninakwenda na faili kwenye flashi siku moja kabla, naliweka kwenye runinga ile ile watakayotumia, na nakaa kiti cha nyuma kabisa, nikiwa nimezima sauti.